Kapu la Kila Wiki: Mbegu Isitangulie Daftari

Leo nataka tuzungumze juu ya kuuza mboga kwa kapu la kila wiki, yaani mtu wa mjini anajiandikisha kwako, analipa mbele, nawe unampelekea kapu la mboga kila Jumamosi mpaka awamu yake iishe. Baadhi yenu mmekwisha kuanza. Wengine mmenieleza kwamba mlianza, mkaacha. Basi nitaanza na kisa cha wale walioacha, kwa sababu mimi mwenyewe nilihusika.

Katika kijiji kimoja chini ya milima ya Uluguru, kilometa chache tu kutoka Morogoro mjini, kikundi cha akina mama kilikuwa na wateja 20. Kila mteja alilipa shilingi 80,000 kwa makapu 8, yaani shilingi 10,000 kwa kapu. Wote 20 walilipa na kuanza siku moja. Mimi ndiye niliyewashauri wawe wepesi kwa wateja. Niliwaambia, "Mteja akisafiri, apige simu tu, hata Ijumaa usiku, mtamsimamishia kapu lake, atalichukua akirudi." Nilidhani ni ushauri mzuri.

Ikafika Desemba. Wateja 9 wakapiga simu wiki moja: "Mama, tunakwenda nyumbani kwa sikukuu, tusimamishieni." Kila mmoja alikuwa amebakiza makapu 3. Shambani mchicha ulikuwa tayari, umeoteshwa kwa watu 20. Watu 11 wakala, mwingine ukapitiliza ukatoa maua. Wiki zile tatu wale 11 walimaliza makapu yao. Januari wale 9 wakarudi kudai makapu yao 27, nao walikuwa na haki kabisa, kwa maana walikuwa wamelipa. Lakini ile fedha yao, shilingi 270,000, ilikwisha kutumika. Kati ya wale 11 wengine, Januari ni mwezi wa sare na ada, wanne tu ndio waliolipa tena. Kwa hiyo kila Jumamosi kikundi kilivuna makapu 13, na kati ya hayo 9 hayakuleta hata senti. Nauli ya bajaji ikalipwa kwa fedha ya wale wanne, ambayo nayo ilikuwa bado haijafanyiwa kazi. Kufika Februari kikundi kilivunjika, na akina mama wawili hawasemezani mpaka leo.

Mboga hazikuwa mbaya, na wateja hawakuwa wabaya. Kosa lilikuwa katika ule ushauri wangu. Mteja anaweza kusimama kwa simu moja, lakini mchicha hausimami. Mbegu ya mchicha wa Krismasi iliingia ardhini mwishoni mwa Novemba, na siku ile hakuna aliyemwuliza mteja kama atakuwapo. Hilo ndilo somo letu la leo: habari za mteja lazima zifike katika daftari kabla mbegu haijafika katika tuta.

Ahidi uzito na idadi ya aina

Kwanza tutazame kapu lenyewe. Wakulima wengi huandika orodha ya mboga: nyanya kilo moja, karoti nusu kilo, hoho tatu, na kadhalika. Halafu masika yanaingia, ukungu unakamata nyanya, na mkulima anakimbilia sokoni kununua nyanya ghali ili atimize ahadi. Wiki mbili za namna hiyo zinakula faida ya mwezi mzima.

Ni afadhali uahidi hivi: kapu litakuwa na kilo 6, aina 7, na kati ya hizo mbili ni mboga za majani. Usitaje majina. Majani ni mchicha, sukuma wiki, mnavu, chainizi, majani ya maboga au matembele, kwa zamu. Zilizobaki ni mboga za matunda na mizizi: nyanya, nyanya chungu, bilinganya, bamia, karoti, na kadhalika. Pia kila wakati uwe na kitu kinachoweza kusubiri: maboga, viazi vitamu ambavyo bado viko ardhini, vitunguu vilivyokauka vizuri. Hivi ndivyo vitakavyolijaza kapu katika wiki mbaya. Mkulima asiye na maboga mawili matatu ghalani hajajiandaa kuuza makapu.

Tena katika mwezi wa Ramadhani nyumba nyingi hutaka viazi vitamu, mihogo na magimbi ya futari kuliko mafungu mawili ya mchicha. Kama uliahidi uzito na idadi ya aina, unabadilisha yaliyomo bila kuvunja ahadi, na wateja hawana sababu ya kusimama.

Matuta matano ya mchicha

Sasa twende shambani. Chukueni mfano wa wateja 20, kila mmoja mafungu mawili ya mchicha, kila fungu robo kilo. Hiyo ni kilo 10 kila Jumamosi. Tuta lenye upana wa meta 1 na urefu wa meta 10, likitiwa samadi iliyooza vizuri na kumwagiliwa, litatoa kilo hizo na akiba juu yake, ukiung'oa mchicha mchanga ungali laini.

Mchicha wa kung'oa huwa tayari kwa kiasi cha wiki 4 tangu kusia mbegu. Basi watu husema, "Nitatengeneza matuta manne." Hapana, tengeneza matano. Hesabu ni hii. Jumamosi ya kwanza unasia tuta la kwanza, Jumamosi ya pili tuta la pili, na kuendelea hivyo. Jumamosi ya tano unavuna tuta la kwanza na siku hiyo hiyo unasia tuta la tano. Tuta la kwanza sasa linapata wiki moja ya kupumua: unatoa magugu, unatifua, unatia samadi. Jumamosi ya sita unalisia upya, na unavuna tuta la pili. Ukiwa na matuta manne utalazimika kuvuna na kusia tuta lile lile siku moja, ambayo pia ni siku ya kupeleka makapu. Utachelewa siku mbili, wiki ijayo siku tatu, na baada ya mwezi hakuna tena mpango.

Wakati wa baridi, Juni na Julai, na hasa huko milimani, mchicha huweza kuchelewa mpaka wiki ya 5 au zaidi. Hapo ongeza tuta la sita mapema, au toa zamu kwa chainizi.

Sukuma wiki tabia yake ni tofauti. Huo ukishaanza hutoa majani kila wiki kwa miezi kadhaa. Fungu likiwa na majani 10, na kila mteja apate mafungu mawili, unahitaji majani 400 kwa Jumamosi. Ukichuma majani mawili ya chini kwa kila mche, hiyo ni miche 200. Panda 250, maana wapo watakaokufa na watakaodumaa. Nafasi ni sentimita 60 kwa 45. Usichume majani manne kwa mche kwa sababu tu wiki hii wamekuja wateja wapya. Utaona dalili wiki mbili baadaye: jani jipya litakuwa dogo kama kiganja cha mtoto, na mche utaanza kurefuka huku umebaki na kishungi juu.

Jambo moja kuhusu dawa za wadudu. Kila dawa lebo yake inasema zingoje siku ngapi kabla ya kuvuna. Wewe unavuna kila siku ya 7. Kama lebo inasema siku 14, umekwisha kupoteza angalau Jumamosi moja, hakuna njia ya mkato, kwa sababu watu watakula hayo majani. Kwa hiyo gawa sukuma wiki yako katika sehemu mbili zilizo mbali kidogo. Ikibidi kupiga dawa, piga upande mmoja na uchume upande wa pili, huku ukilijazia kapu kwa matembele. Andika tarehe ya kupiga dawa kwenye kibao na ukichomeke pale pale shambani, ili hata mtoto aliyetumwa kuchuma asikosee.

Wateja waanze kwa makundi manne

Akina mama wale waliwaanzisha wateja wote 20 siku moja. Matokeo yake wote walimaliza karibu siku moja, na siku ya kulipa upya ilikuwa moja. Ikiangukia mwezi mgumu, mnaanguka wote.

Fanya hivi. Wiki ya kwanza anza na wateja 5. Hilo ni kundi A. Wiki ya tatu ongeza watano, kundi B. Wiki ya tano kundi C, wiki ya saba kundi D. Kufikia wiki ya saba unapeleka makapu 20. Faida ya kwanza ni kwamba shamba linakua pamoja na wateja, na makosa ya mwanzo utayafanya kwa watu 5 badala ya 20. Faida ya pili ni kwamba kundi A linamaliza awamu yake wiki ya 8 na kulipa tena, kundi B linafuata baada ya wiki mbili, na hivyo hivyo. Kila baada ya wiki mbili wanalipa watu 5, shilingi 400,000, badala ya shilingi 1,600,000 kuja mara moja na kisha ukame wa miezi miwili.

Na hiyo fedha, ndugu zangu, siku unapoipokea bado si yako. Ni deni la makapu 8. Inakuwa yako kapu kwa kapu, kadiri unavyopeleka. Kwa hiyo katika shilingi 80,000 za mteja mmoja, kikundi kinaweza kuchukua shilingi 20,000 siku ile ile kwa mbegu, samadi na vifaa. Shilingi 60,000 zinabaki kwa mweka hazina, kwenye laini ya simu ya kikundi au kwenye sanduku, nazo zinatoka shilingi 7,500 kila kapu moja linapofika mlangoni kwa mteja. Kapu halikwenda, fedha haitoki. Laiti akina mama wale wangefanya hivi, Januari wangekuta kwa kila kapu lililosimama kuna shilingi 7,500 zinalisubiri. Makapu 27 ni shilingi 202,500, nazo zingetosha nauli na ujira kwa kazi waliyokuwa wakiifanya bure.

Bei hizi ni za mfano. Wewe tumia za kwako, bali kanuni ni ile ile.

Kusimama kwa namna mbili

Sasa tumefika penye mzizi wa jambo. Mteja ana haki ya kusimama, maana watu husafiri, huugua, hupata msiba. Ukimnyima haki hiyo hatalipa tena. Lakini kuna kusimama kwa namna mbili, na kila moja ina muda wake wa kutoa habari.

Namna ya kwanza ni kusimama kwa wiki moja. Shamba halina habari na wiki moja, mboga zimekwisha kuota. Unachohitaji ni nafasi ya kutafuta mlango mwingine. Kwa hiyo mteja atoe habari kabla ya Jumatano jioni. Alhamisi unampigia simu mama lishe au mwenye genge, unamwambia, "Jumamosi nitakuwa na mafungu manne ya majani na kilo mbili za nyanya." Utamwuzia kwa bei ya chini, lakini hazitaoza. Kila mwenye makapu awe na mama lishe mmoja wa namna hiyo, aliyezoeana naye tangu mwanzo, asimtafute siku ya shida. Mteja akitoa habari Ijumaa, mwambie kwa heshima kwamba kapu lake limekwisha kuhesabiwa. Halisimami, ila linaweza kubadili mlango: ataje jirani au ndugu wa kupelekewa.

Namna ya pili ni kusimama kwa wiki mbili au zaidi. Huku kunahitaji habari wiki 4 kabla. Kwa nini 4? Kwa sababu ndio umri wa mchicha. Mteja akikuambia leo kwamba baada ya wiki 4 hatakuwapo, wewe leo unasia tuta pungufu. Kwa wateja 20 tuta ni meta 10, basi kila mteja ana nusu meta yake. Watu wanne wakitoa habari, unasia meta 8. Ni hesabu ya kamba na hatua, haihitaji shule kubwa.

Katika awamu ya makapu 8 ruhusu kusimama mara 2 tu. Makapu yaliyosimama yanaongezwa mwishoni, na mteja ayachukue ndani ya mwezi mmoja. Usirudishe fedha taslimu kwa kusimama kwa kawaida. Akihama mji au akipata msiba mkubwa, hilo ni jambo la ubinadamu, mrudishie kile kilichobaki kwa mweka hazina.

Je, wakisimama wengi kwa pamoja kama ile Desemba? Hapo dawa ni mkulima kutangulia. Tangu siku ya kwanza waambie wateja wote: "Jumamosi mbili za mwisho wa Desemba hatuleti makapu, sote tunapumzika, na awamu zenu zitasogea mbele." Hakuna anayepoteza kapu, hakuna simu za dakika ya mwisho, na kalenda ya shamba inajulikana. Jumamosi mbili za mwisho wa Novemba, takriban wiki 4 kabla, husii mchicha. Matuta yale mawili unayatandaza samadi na matandazo, nayo yanapumzika kama wewe. Sukuma wiki haipumziki, hiyo utaichuma vile vile, majani umwuzie mama lishe na yaliyozeeka uwape mbuzi. Ukiyaacha bila kuchuma wiki mbili, yatageuka manjano na kukaribisha vidukari.

Kitu kimoja zaidi cha kuhesabu ni nauli. Bajaji ikikudai shilingi 15,000 kwa safari, kwa makapu 20 kila kapu linabeba shilingi 750. Yakiwa 11, kila kapu linabeba zaidi ya shilingi 1,360. Mwenye bajaji hapunguzi kwa sababu mteja amesafiri. Basi weka kiwango: wiki moja wasisimame zaidi ya watu 5. Wa sita mwombe asimame wiki inayofuata, au kapu lake libadili mlango.

Daftari

Mambo haya yote hayakai kichwani. Nunua daftari la kaunta. Kila mteja apate mstari mmoja wenye vyumba 8 na vyumba viwili vya ziada. Kila Jumamosi jioni, kabla ya kula, jaza chumba cha siku ile kwa alama moja kati ya tatu. Mkwaju, yaani kistari, maana yake kapu limefika. Herufi S maana yake mteja amesimama. Sifuri maana yake sisi tumeshindwa kupeleka, labda mvua imekata njia au mboga hazikutosha.

Tafadhali msichanganye S na sifuri. S inaingia katika zile ruhusa mbili za mteja. Sifuri ni deni letu, haihesabiwi juu yake, na wiki inayofuata aongezewe kitu bila kuomba. Nimeona ugomvi mkubwa ukizuka kwa sababu mwandishi alipiga S siku ambayo bajaji ndiyo iliyoharibika.

Mwisho wa mwezi, kwa kila mteja toa idadi ya mikwaju katika 8, kisha jumlisha makapu yaliyobaki ya wateja wote. Idadi hiyo, zidisha kwa shilingi 7,500, ilingane na fedha iliyopo kwa mweka hazina. Ikiwa makapu yaliyobaki ni 70, lazima kuwe na shilingi 525,000. Ikipungua, mmeanza kula mbegu. Ni afadhali mgombane siku hiyo, jambo likiwa dogo.

Uliza katika kapu la tano

Wengi wetu humwuliza mteja kama ataendelea siku tunapompa kapu la 8. Hapo umechelewa wiki 3 nzima. Mchicha wa kapu la 9 unasiwa siku ile ile unapopeleka kapu la 5. Kwa hiyo swali la kuendelea liulizwe mlangoni siku ya kapu la 5: "Dada, makapu yako yamebaki matatu. Tuendelee kukupandia?" Siku hiyo hutaki fedha, unataka neno tu. Akisema ndiyo, andika ndiyo. Akisitasita, andika hapana, na umfuate mtu wa kwanza katika orodha ya wanaosubiri.

Fedha iombwe siku ya kapu la 7. Asiyelipa mpaka kapu la 8, kapu lake la 9 haliondoki shambani, hata kama ni mkwe wako. Kapu moja la mkopo huzaa la pili.

Namna nyingine ya kujua mapema kama mteja anaelekea kuacha ni kutazama kapu tupu anapolirudisha. Kila mteja awe na makapu mawili: moja liko kwake, jingine liko kwako likijazwa, nayo hubadilishana kila Jumamosi. Kapu likirudi na majani yaliyonyauka ndani, mboga zinamzidi. Usingoje aseme. Mwambie wiki ijayo utapunguza fungu moja la majani na kuongeza boga au nyanya chungu. Mteja anayesimama mara ya pili mfululizo mara nyingi hasafiri, ila amechoshwa na mchicha na anaona haya kukwambia.

Ijumaa na Jumamosi

Mwendo wa kupeleka uwe ule ule kila wiki. Ijumaa jioni, jua likipoa, vuna nyanya, bilinganya, hoho na karoti. Nyanya zianze kuwa nyekundu tu, zisiwe zimeiva kabisa, zitaiva nyumbani kwa mteja katikati ya wiki. Majani yavunwe Jumamosi alfajiri, yawekwe kivulini, juu yake gunia lenye unyevu. Usiyazamishe majani katika maji na kuyafunga yakichuruzika, yataanza kuoza katikati ya fungu kabla ya Jumatatu. Vizito viwe chini ya kapu, majani juu.

Njia iwe ile ile na zamu ya nyumba iwe ile ile, ili mwenye nyumba ya tatu ajue kwamba saa mbili na nusu asubuhi mtafika. Asipokuwapo, mkubaliane tangu mwanzo kapu liachwe kwa jirani gani. Mkichelewa zaidi ya nusu saa, mtoe habari kwa simu. Mteja huvumilia mboga pungufu kuliko kukaa mlangoni bila kujua.

Ndugu wakulima, mtaniuliza kama mpango huu unamfaa kila mtu. Haufai. Kama huna maji ya uhakika wakati wa kiangazi, uza mboga zako sokoni msimu wa mvua, usichukue fedha za watu mbele. Kama nyumba za wateja wako zimetawanyika mji mzima, nauli itakumaliza. Tafuta mtaa mmoja au miwili. Na kama uko peke yako bila mtu wa kukushikia zamu ukiugua, tafuta mwenzako kwanza, kwa sababu Jumamosi haitakungojea upone.

Katika wale akina mama wa Uluguru, watano walianza tena mwaka uliofuata. Walianza na wateja 5, matuta matano mafupi ya mchicha, na daftari moja. Desemba walitangaza mapumziko yao mapema. Nilipita pale Jumamosi ya mwisho ya Novemba, nikakuta tuta limetandazwa majani makavu, halina mbegu. Nikamwuliza mweka hazina kwa nini hawakusia. Akanitazama kama mtu anayemtazama mwanafunzi, akasema, "Bwana Shamba, huu ungekuwa mchicha wa Krismasi. Nani angeula?"

Basi wiki ijayo tutazungumza juu ya kutunza mbegu za mchicha na mnavu nyumbani, ili kila tuta lipate mbegu kwa wakati wake. Kwa leo naishia hapo. Kazi njema, na kwaherini.